Ujumbe wa Kuupokea Mwezi wa Ramadhani na Majibu Yake: Kutoka Barua za Njia ya Misafara hadi Simu ya Mkononi, Tabora

1. Utangulizi

Shaabani inapofikia siku zake za mwisho, jungu likiwa limekwisha kuvunjwa na macho yakianza kuelekea magharibi kuutafuta mwezi, watu wa Tabora huanza kutumiana salamu. Ujumbe hutoka Gongoni ukaenda Dar es Salaam, ukatoka Ujiji ukaja Isevya, ukatoka ofisi moja ukaenda ofisi ya pili. Maneno yake hayazidi mistari minne au mitano. Msomaji asiyeyapima huyaona kuwa ni adabu ya msimu tu, na hulijibu fungu lote kwa neno moja: "Nawe pia."

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba ujumbe huo mfupi una matendo mawili ndani yake, dua na ombi, na kwamba kila tendo lina jibu lake. Aidha unakusudia kueleza asili ya umbo hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno ya ujumbe wa leo ni ya kale, yamerithiwa kutoka barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu wakati wa misafara; bali wakati wake, yaani kufika kwake usiku uleule wa mwezi kuandama, ni jambo jipya ambalo watu wa misafara hawakuweza kulipata. Kwa kuyaunganisha mambo hayo mawili, itaonekana ni kwa nini baadhi ya majibu hutosheleza na mengine huacha pengo.

2. Barua isiyoweza kuuwahi mwezi

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo na bandari jirani, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, mahali ambapo wageni wa karne ya 19 waliita Kaze na ambapo leo ni Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ukoo mmoja uliweza kuwa na watu katika kila kituo. Baba yake Hamed bin Muhammed el Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na maskani yake Unyanyembe. Mwana mwenyewe alifanya biashara hadi Manyema, na asili na mwisho wake ukawa Unguja, alikofariki mwaka 1905. Kwa watu wa namna hiyo barua haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo njia ya kubaki ndugu, na ndiyo maana ikasemwa kwamba waraka ni nusu ya kuonana.

Umbo la barua hizo linafahamika vyema. Mkusanyo wa C. G. Büttner uliochapishwa Ujerumani mwaka 1892 uliwapa wasomaji mifano mingi ya maandishi ya Kiswahili katika hati ya Kiarabu, zikiwamo barua. Hata watawala ambao hawakuwa Waislamu, kama Mirambo wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, waliwatumia waandishi wa Kiswahili katika mawasiliano yao na pwani. Barua ilianza kwa kumtaja mpokeaji na heshima zake: "Ila janabi", kisha sheikh, mpenzi, ndugu, fulani bin fulani. Ilifuata dua ya kumtakia salama. Yakaja maneno "ama baada", ambayo ni mlango wa kuingilia habari. Mwandishi akaarifu hali yake kuwa njema na kudhani ya mwenzake kuwa kadhalika, akaeleza shauri au ombi lake, akataja mmoja mmoja wale wa kusalimiwa, akafunga kwa "wasalamu", jina lake na tarehe ya mwezi wa Kiislamu.

Ingefikiriwa basi kwamba salamu za kuanza Ramadhani nazo zilipita njia hiyo. Mwendo wa misafara unakataa. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze tarehe 7 Novemba: zaidi ya miezi minne. Henry Stanley, aliyekwenda kwa haraka, alitumia karibu miezi mitatu mwaka 1871. Na msafara wa kawaida haukuwa na ahadi ya siku. Vita, mvua, hongo na maradhi viliweza kuuzuia mahali pamoja kwa majuma.

Mfuko mmoja wa barua unalieleza jambo hili kuliko maelezo marefu. Mfuko huo ulikuwa wa David Livingstone, nao ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulipofungwa Unguja. Stanley aliukuta ungali Unyanyembe, akauchukua hadi Ujiji, ukamfikia mwenyewe mwishoni mwa mwaka 1871, takriban mwaka mzima baadaye. Sasa tarehe hizo zipimwe kwa kalenda ya Kiislamu. Ramadhani ya mwaka 1287 wa Hijra ilianza karibu na tarehe 25 Novemba 1870, na ile ya mwaka 1288 ilianza katikati ya Novemba 1871. Laiti Mwislamu wa Unguja angetia katika mfuko huo salamu za Ramadhani kwa ndugu yake wa Ujiji, salamu hizo zingeukosa mwezi ulioandikiwa na kufika karibu na mwezi wa mwaka uliofuata. Ndugu angeombewa wepesi wa mfungo aliokwisha kuufunga zamani.

Kwa sababu hiyo barua ya msafara haikuweza kubeba salamu za siku maalumu. Ilibeba dua za wakati wote: afya, salama, kuonana kwa heri. Salamu za usiku wa mwezi muandamo zilikuwa za mdomo, kwa watu walioweza kufikiana kwa miguu: jirani kwa jirani, mwana kwa mzazi, mtoto wa chuo kwa mwalimu wake. Hapa ndipo mtu alipokwenda mwenyewe, akabisha hodi, akasema, "Mwezi umeandama, niwie radhi," akajibiwa papo hapo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na barua iliyotiwa posta katikati ya Shaabani ikaweza kuuwahi mwezi. Telegramu iliweza kufika siku ileile, lakini ililipiwa kwa hesabu ya maneno, hivyo mtumaji alibakisha dua na kuyaacha mengine. Ujumbe mfupi wa simu ya mkononi, ulioenea nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliziunganisha njia zote mbili: kasi ya mdomo na umbo la barua. Ndiyo maana ujumbe wa leo unaanza kama barua, kwa salamu na cheo cha ukoo, na kuishia kama mtu aliyesimama mlangoni anayengoja jibu.

3. Saa ya kutuma

Kwa kuwa wakati ndio ugeni wa ujumbe huu, makosa mengi ya kwanza ni ya wakati. Siku ya Kiislamu huanza jua linapotua. Mwezi ukionekana jioni, usiku huo ni wa Ramadhani, na tarawehe husaliwa kabla ya mchana wa kwanza wa kufunga. Kwa hiyo msemo "mwezi umeandama" unafaa usiku huo, bali "kesho tunaanza Ramadhani" si sahihi kwa hesabu hiyo; kinachoanza kesho ni mfungo, mwezi umekwisha kuingia. Waandishi waangalifu husema "kesho tunafunga".

Kabla ya mwezi kuthibitika, ujumbe wenye tarehe ni hatari. Wapo wanaofuata mwandamo uliotangazwa nchini na Mufti, na wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine; katika ukoo mmoja siku zinaweza kupishana. Anayemwandikia mjomba wake, "Hongera kwa kuanza mfungo leo," huku mjomba akiwa angali Shaabani, amemwingiza katika hoja asiyoikusudia. Njia ya salama ni kuitaja Ramadhani bila kutaja siku: "Mungu atufikishe" kabla ya mwezi kuandama, na "Mungu ametufikisha" baada yake. Kiishio "-e" na kiambishi "-me-" vinatosha kuibeba tofauti hiyo.

Jiografia nayo ina neno. Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya nyuzi sita za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika nne za jua. Magharibi ya Tabora basi huingia takriban dakika 25 baada ya ile ya Dar es Salaam, na ya Kigoma huchelewa zaidi, kama dakika 40. Kijana wa Dar es Salaam anayetuma "Futari njema" akiwa ameshika tende mkononi humfikia mama yake mdogo wa Tabora jua likiwa bado liko juu ya miembe. Hajakosea lugha, amekosea longitudo. Jibu la wazee wa huko, "Sisi bado, endeleeni," ni la upole, lakini linamkumbusha mtumaji kwamba saa ya simu ni moja nchini kote na jua si moja.

4. Dua na majibu yake

Tendo la kwanza katika ujumbe ni dua. Huja kwa sura kuu mbili, na kila moja yataka jibu lake.

Sura ya kwanza ni ya kutakia: "Nakutakia mfungo mwema", "Funga njema", "Ramadhani njema". Upatanisho wa kisarufi uzingatiwe, kwa kuwa mchanganyiko wa "mfungo njema" husomwa mara nyingi. "Mfungo" ni nomino ya ngeli ya "mti", hivyo hupatana na "mwema". "Funga", "saumu" na "Ramadhani" hupatana na "njema". Vilevile "mfungo" usichanganywe na "mfunguo". Katika kalenda ya zamani ya Waswahili miezi ilihesabiwa tangu Ramadhani inapokwisha: Shawali ni mfunguo mosi, unaofuata ni mfunguo pili, hadi mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Matamshi ya siku hizi yamezoea kusema "mfungo mosi", hata tofauti ya kufunga na kufungua imefifia; bali maana ya asili ni kufunguliwa kwa kilichofungwa.

Dua ya kutakia hujibiwa kwa hatua mbili: kuitikia na kurudisha. "Amin" huitikia, kwa maana dua ni ombi kwa Mungu na mpokeaji anaungana nalo. "Nawe pia", au kwa wengi "nanyi pia", hurudisha. "Ahsante" peke yake humshukuru mtumaji bila kuitikia dua yake, na kwa masikio ya wazee ni kama mtu aliyepokea sahani akasahau kusema "Bismillahi". Mwenye asili ya Kinyamwezi huweza kuongeza "wabeja", neno la shukurani la kwao, lakini hulitia baada ya "Amin", halichukui mahali pake.

Sura ya pili ni ya kuarifu: "Ramadhani karimu", yaani Ramadhani ni yenye ukarimu. Hii si dua ya kutakia. Ni kauli ya kuusifu mwezi. Ndiyo maana jibu lake lililozoeleka ni "Allahu akramu", Mwenyezi Mungu ni mkarimu zaidi: sifa hujibiwa kwa sifa iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Kulijibu "Ramadhani karimu" kwa "Nawe pia" ni kukirudisha kisichotolewa, kwa kuwa mtumaji hakumtakia mtu kitu. Hata hivyo matumizi yanabadilika. Wengi huitumia kauli hiyo kama dua, na wapokeaji huifasiri hivyo. Jibu "Amin, sote" basi huponya bila kumsahihisha mtu.

5. Radhi na uzito wake

Tendo la pili ndilo lenye uzito. Ni ombi la radhi: "Kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, naomba uniwie radhi." Hapa mtumaji hasemi na Mungu juu ya mpokeaji. Anasema na mpokeaji mwenyewe, na ni yeye tu anayeweza kujibu.

Maneno yenyewe yachunguzwe. "Radhi" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kuridhika. "Kuwia" ni kauli ya kutendea ya kitenzi "kuwa", na katika Kiswahili cha zamani ina maana nyingine inayosaidia kulifahamu ombi hili: kumwia mtu ni kumdai, na kuwiwa ni kudaiwa. Katika mji wa biashara kama Unyanyembe, ambapo bidhaa za misafara mara nyingi zilichukuliwa kwa mkopo pwani na kulipwa kwa pembe za ndovu baadaye, lugha ya deni na lugha ya radhi zilikaa jirani. Mafunzo ya fikihi nayo huzitenganisha haki za Mungu na haki za waja: toba ya mtu huelekea kwa Mola wake, lakini haki ya mja mwenzake haifutiki mpaka irudishwe au mwenye haki aiachilie. Anayeingia Ramadhani na deni la mtu shingoni anafunga akiwa amefungwa.

Majibu ya ombi hili hutofautiana kwa daraja za ukoo. Baina ya walio sawa, umri kwa umri, jibu ni la kupokezana: "Nimekuwia radhi, nawe niwie radhi." Mzazi kwa mwana hajibu hivyo. Husema, "Radhi yangu unayo," au "Niko radhi nawe," akaongeza dua. Kwa desturi harudishi ombi, kwa kuwa radhi ya mzazi hushuka kama baraka, haiendi na kurudi kama salamu. Shangazi, mjomba, mama mdogo na baba mkubwa hufuata utaratibu wa wazazi. Kijana anayemjibu mzee wake "Nimekusamehe" amepanda ngazi isiyo yake, mzee akimtangulia kwa ombi, humjibu, "Wewe ndiwe wa kuniwia radhi, mzee wangu."

6. Mfano mmoja

Ili jambo hili lionekane likifanya kazi, uchukuliwe mfano uliotungwa kwa ajili ya mhadhara huu. Kijana aliye Dar es Salaam anamwandikia mama yake mdogo aliye Tabora:

"Shikamoo mama mdogo. Mwezi umeandama, tumshukuru Mungu. Nakuombea afya na wepesi wa funga, wewe na wote hapo nyumbani. Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, naomba uniwie radhi. Ramadhani njema."

Kwa umbo, ujumbe huu hauna dosari. Unaanza na "shikamoo" na cheo cha ukoo, mahali pa "Ila janabi" ya zamani. Unataja mwandamo. Una dua, kisha ombi, kisha kifungio. Umesema "wote hapo nyumbani" wala haukusema "familia yako". Msemo "wewe na familia yako", unaojaa katika salamu za kunakiliwa, ukimfikia mama mdogo humtenga na mtumaji, kana kwamba familia ya dada wa mama si ya kijana huyo. Kwa msemo huo mmoja mpokeaji hutambua kuwa ujumbe haukuandikwa kwa ajili yake. Simu ya kawaida hubeba herufi 160 kwa ujumbe mmoja, na huu umepita kiasi hicho. Mwenye kubana angeliacha ombi la radhi kwa sababu ndilo refu, na salamu zingebaki bila kiini chake.

Mama mdogo anajibu: "Marahaba mwanangu. Amin, nawe Mungu akupe wepesi. Wasalimie watoto."

Msomaji mwenye haraka ataona jibu limekamilika. Lihesabiwe. "Shikamoo" imejibiwa kwa "marahaba". Dua imeitikiwa kwa "Amin" na kurudishwa. Watu wa nyumbani wamejibiwa kwa salamu za watoto. Ombi la radhi halikujibiwa. "Amin" haiwezi kulijibu, kwa kuwa "Amin" huitikia kilichoombwa kwa Mungu, na radhi iliombwa kwa mama mdogo. Hakukataa, maana kukataa mwezi ukiingia ni jambo zito, hakukubali pia. Katika adabu ya Kiswahili kimya kilichowekwa mahali pa jibu ni kauli, hasa jibu hilo linapokuwa limeyajibu mengine yote kwa utaratibu.

Kijana akiwa msikivu hatatuma tena maneno yaleyale. Atatambua kwamba "kwa kujua au kwa kutojua" ni msemo wa makosa yasiyokumbukwa, na hapa kuna kosa linalokumbukwa na pande zote mbili. Anaandika mara ya pili:

"Mama mdogo, radhi hukunijibu, na ni haki yako. Kodi ya nyumba ya bibi ya miezi mitatu niliipokea mimi, sehemu yako sikukupa wala sikukuambia. Nitaileta yote kabla ya mwezi kwisha. Naomba uniwie radhi kwa hilo."

Naye anajibiwa: "Mwanangu, kwa kunificha nimekuwia radhi leo. Fedha uilete kama ulivyosema. Sehemu ya mjomba wako umpe mwenyewe, hiyo siwezi kukusamehea. Mfungo mwema."

Jibu hili limepambanua mambo matatu. Machungu ya kufichwa ni yake, naye ameyaachilia papo hapo. Fedha ni yake pia, lakini hakuiachilia. Ameingoja ahadi, na kungoja hakupunguzi radhi aliyoitoa. Sehemu ya mjomba si yake, hivyo hana mamlaka ya kuisamehe. Baada ya kuyapanga hayo ndipo kwa mara ya kwanza anamtakia mfungo mwema, maneno ambayo katika jibu lake la kwanza hayakuwamo. Mpangilio huo ni uleule wa barua ya zamani: dua mwanzoni, "ama baada", shauri katikati, kifungio mwishoni. Tofauti ni kwamba shauri lililochukua mwaka kwenda na kurudi sasa limekwisha kabla ya daku.

Mfano huu unaonyesha pia mpaka wa ujumbe. Unaposambazwa kwa watu 50 kwa pamoja katika kundi la ukoo, ombi la radhi linamwelekea kila mtu na halimwelekei yeyote. Mwenye kinyongo hawezi kujibu mbele ya wote, na asiye nacho hana cha kujibu. Kwa hiyo dua yafaa kwa kundi. Radhi, pale penye kosa linalojulikana, humfuata mwenyewe.

7. Wenzi wa kazi

Kazini taratibu hubadilika, kwa sababu mbili. Kwanza, cheo cha kazi si cheo cha ukoo. Mkuu wa idara aliye mdogo kwa umri haandikiwi "shikamoo", wala hakosi heshima. "Assalamu alaikum" kwa Mwislamu, au "Habari za kazi", huziba pengo. Ombi la radhi kwa mkuu wa kazi lina hatari ya kusomwa kama kujipendekeza au kama maungamo ya kosa la kazi, na kwa kawaida huachwa. Kwa mwenzi wa meza moja lipo, nalo hufupishwa: "Tusameheane." Kauli ya kutendana imeyabeba maombi yote mawili katika neno moja, na jibu lake ni neno hilohilo: "Tumesameheana."

Pili, Tabora si mji wa dini moja. Ni mji wa misikiti ya enzi za misafara, na ni makao ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki. Mara nyingi ujumbe wa kwanza wa Ramadhani kazini hutoka kwa Mkristo: "Nawatakia Waislamu wote mfungo mwema." Jibu la mazoea, "Nawe pia", hapa halina pa kukaa, kwa kuwa mtumaji hafungi. Linalofaa ni shukurani na dua ya jumla, "Ahsante sana, Mungu akubariki", au mwaliko: "Ahsante, karibu futari." Mwaliko usio na siku huhesabiwa kuwa salamu tu, na hakuna anayekuja, wenye siku, "karibu futari Alhamisi", ni ahadi, na mwenye kuutoa ajiandae.

Hata hivyo kalenda huweza kuligeuza kosa kuwa usahihi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote, na baada ya miaka mingi hukutana na Kwaresima. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku za mwanzo za Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huo. Mkatoliki wa Tabora aliyemtakia mwenzake Mwislamu mfungo mwema juma hilo, akajibiwa "Nawe pia", alijibiwa kwa haki. Maneno hayakubadilika, hali ya msemaji ndiyo iliyoyapa ukweli.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ujumbe wa kuupokea mwezi wa Ramadhani umeurithi mpangilio wake kutoka barua ambazo zenyewe hazikuweza kuuwahi mwezi huo, na wakati wake kutoka salamu za mlangoni ambazo hazikuhitaji barua. Kwa urithi wa kwanza una cheo, dua na kifungio. Kwa urithi wa pili una ombi linalongoja jibu. Dua huitikiwa kwa "Amin" na kurudishwa. Sifa hujibiwa kwa sifa. Radhi hujibiwa kwa radhi, na aliyeombwa akinyamaza, amesema.

Wanafunzi wa isimu wanaokusanya salamu hizi hupenda kuhifadhi ujumbe wa kwanza tu, kwa sababu ndio uliopambwa. Data iliyo kamili ni jozi: ujumbe na jibu lake, pamoja na saa ya kila mmoja, uhusiano wa wanaoandikiana, na hesabu ya kilichojibiwa na kilichoachwa. Pasipo jozi hiyo, jibu la mama mdogo wa Tabora lingeingia daftarini kama mfano wa ukarimu wa Ramadhani, na deni la miezi mitatu lisingeonekana kamwe.